Baba Akinyi, Nyar Butere, mzee au dia: wazee waitane vipi nyumbani?

Nimeolewa tangu 1981. Mume wangu ni Mjaluo wa Ugenya, mimi Mluhya wa Butere, na lugha ya nyumba yetu hapa Kisumu imekuwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Kiluo changu wakati huo kilinitosha kununua samaki tu, na Kiluhya chake hakikuvuka salamu. Wenzetu waliooana ndani ya lugha moja walirithi majina ya kuitana kutoka kwa wazazi wao. Sisi ilitubidi tuyajaribu moja baada ya jingine, kama mtu anayejaribu viatu pale soko la Kibuye, na mengine yalitubana.

Mwezi uliopita msichana mmoja ninayemfahamu alinijia na swali. Wazazi wake wanaishi Njoro, karibu na Nakuru, na wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Watoto wanataka kuandika maneno kwenye keki na kwenye fremu ya picha. Kaka yake anataka iandikwe "Mpenzi wangu wa milele". Yeye anasema hajawahi kumsikia babake akitamka neno mpenzi, na anahofia mamake ataona haya mbele ya kanisa zima. "Mama," akaniuliza, "watu wazima kama nyinyi mkiwa wenyewe mnaitanaje?"

Nilimweleza yale ambayo nimeyaishi na yale niliyoyaona kwa majirani. Nayaandika hapa kwa ajili ya wazee wenzangu, hasa wale ambao watoto wamehama, nyumba imekuwa kimya, na sauti inayosikika ni ya mtu mmoja tu.

Nianze na jina la mtoto, kwa sababu ndilo watu wengi wa huku wanalitumia. Mtoto wa kwanza akizaliwa, wazazi wanapoteza majina yao na kuwa Baba Akinyi na Mama Akinyi. Kwa Kiluo ni wuon Akinyi na min Akinyi. Kule kwa wazazi wa yule msichana, ambao ni Wakikuyu, ni ithe wa Kamau na nyina wa Kamau, na kwa Kiswahili cha Nakuru ni Baba Kamau na Mama Kamau. (Akinyi na Kamau si majina halisi ya watoto ninaowasema, nimeyachukua kwa mfano.) Vijana husema kwamba jina hili halina mahaba, kwamba ni kama cheo cha kazini. Mimi sikubaliani nao. Ukilisikiliza vizuri, ni jina moja ambalo watu wawili wanaligawana. Akisema "Mama Akinyi" ananiita mimi, na papo hapo anajitaja yeye pia, maana Akinyi hakuja kwa mtu mmoja. Tena ni jina ambalo unaweza kulitamka mbele ya mkwe, mchungaji, chifu au wajukuu na hakuna atakayeinamisha macho. Katika malezi yetu mke hakumtaja mumewe kwa jina lake tupu, na wakwe zake ndiyo kabisa. Jina la mtoto lilitupa njia ya kumwita mtu bila kumvua heshima.

Na linabeba sauti yoyote unayotaka. Kuna "Mama Akinyi" fupi, la langoni, la kuniambia kuna mgeni. Kuna "Mama Akinyi" la polepole, la jioni baada ya taarifa ya habari, ambalo silabi ya mwisho inavutwa kidogo, na mimi najua anataka tukae nje kabla ya kulala. Maneno ni yaleyale mawili, lakini mtu aliyekaa na mwenzake miaka 40 hawezi kuyachanganya.

Lakini jina hili lina mahali linapouma, na ni vizuri niseme wazi. Kwanza, kwa wale ambao Mungu hakuwajalia mtoto, kuitwa na majirani kwa jina la mtoto wa ndugu ni jambo la kuzungumzwa na wenyewe, lisifanywe kwa huruma tu. Pili, kwa wake wenza, "mama watoto" halimtambui mtu. Kwa Kiluo mke wa kwanza ana jina lake, mikayi, na nimeona bibi mzee akiinua kichwa kwa jina hilo kuliko kwa jina lolote lingine.

La tatu ndilo zito zaidi. Huyo mtoto akifa je?

Nawajua mume na mke huko upande wa Kakamega ambao kifungua mimba wao alifariki akiwa mtu mzima, mwenye familia. Mume akaendelea kumwita mkewe kwa jina lile, asubuhi kwa chai, mchana kwa chakula, usiku kwa kufunga mlango. Kwake yeye kuliacha kungekuwa kama kumzika mtoto mara ya pili. Mke alinyamaza karibu mwaka mzima. Halafu usiku mmoja akamwambia, "Ukiniita hivyo, mimi nageuka kumtafuta." Mume alishtuka, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba neno linalomfariji yeye linamtoboa mwenzake. Hawakulitupa lile jina. Mbele za watu lilibaki, maana majirani wangelitumia tu. Ndani ya nyumba akaanza kumwita kwa jina la kwao alikozaliwa. Kosa ambalo hawakulifanya, na ambalo nimeliona kwingine, ni kuhamia jina la mtoto wa pili kimyakimya, kana kwamba wa kwanza hakuwahi kuwepo. Mwenzako ataona umemfuta mwanawe. Ukitaka kubadilisha jina baada ya msiba, muulize kwanza, na muulize usiku, mkiwa wawili.

Kwa Wakikuyu wa Nakuru kuna jambo jingine. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake mume, na wa kwanza wa kike jina la mamake mume. Kwa hiyo mke anayesema "Baba Kamau" anamtaja pia baba mkwe wake kila siku. Wapo walioona hilo ni baraka, na wapo wanaopendelea "baba watoto" ili kulikwepa jina la mkwe. Yule msichana hakuwa amewahi kulifikiria hilo mpaka tulipolizungumza. Alikumbuka tu kwamba babake humwita dada yake mkubwa "maitu", yaani mama yangu, kwa vile ana jina la bibi yake, na akacheka kwa furaha kuona kwamba babake, ambaye yeye alimdhania mtu asiye na maneno matamu, amekuwa akiyatamka sebuleni miaka yote.

Sasa nilinganishe na jina la kwao. Mjaluo akioa, mke huitwa kwa mahali alikotoka: Nyar Gem, Nyar Seme, Nyar Alego. Nyar ni binti wa. Kwa Waluhya wengi vilevile mwanamke huendelea kuitwa kwa ukoo wa babake hata akiwa na wajukuu. Mume wangu ananiita Nyar Butere. Alipokuwa akinichumbia alipanda treni ya Kisumu kwenda Butere, ile iliyopita Maseno, Luanda na Yala, na kwetu reli inaishia hapo. Kwa hiyo akilitamka jina hilo mimi sisikii mahali tu, nasikia treni na kijana mwembamba mwenye shati jeupe.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya majina haya mawili. Jina la mtoto linakumbuka tulichofanya pamoja. Jina la kwetu linakumbuka mimi nilikuwa nani kabla ya yeye kuja, na kwamba aliniacha nibaki kuwa huyo. Watoto walipokuwa wadogo tulitumia la kwanza tu. Walipoondoka wote, jina la pili lilirudi lenyewe, na kwa maoni yangu ndilo linaloifaa zaidi nyumba iliyobaki na watu wawili. Mwanamke wa miaka 66 ana watu wengi wa kumwita mama na nyanya. Anaye mmoja tu aliyemjua akiwa binti.

Jina hili pia lina upande wa kukata. Siku ya ugomvi, "wewe Nyar Butere" ni rahisi sana kuligeuza liwe "rudi Butere". Likitumiwa hivyo hata mara moja, utamu wake hautarudi haraka. Na kwa ndoa kama yetu ya makabila mawili kuna neno la kuepuka kabisa. Miaka yetu ya kwanza, jamaa mmoja wa upande wa mume alipenda kuniita kwa neno jamwa, ambalo kwa Kiluo ni mtu asiye Mjaluo, mgeni. Alilisema akitabasamu. Mume wangu hakugombana naye. Alisubiri, kisha mbele yake akaniita Nyar Butere kwa sauti kubwa, akaomba maji. Akafanya hivyo kila mara jamaa yule alipokuwepo, mpaka naye akalishika jina hilo. Kumtaja mtu kwao kwa jina la mahali ni kusema kwao kunajulikana. Kumwita mgeni ni kusema hana kwao.

Upande wa mume, wuod Ugenya, yaani mwana wa Ugenya, au Ja-Ugenya, mtu wa Ugenya, hufanya kazi hiyohiyo, ingawa wanaume wengi wazee hulipenda zaidi likisemwa mbele ya watu kama sifa kuliko faraghani.

Mzee, nyanya, dani, kwaro, kukhu, guka, shosho: haya yote niyaweke kapu moja, kwa kuwa yote yanakuja na wajukuu au na mvi. Mbele ya wajukuu ni mazuri na yana kazi. Mtoto wa miaka miwili hujifunza kuita kwa kusikia, na mimi nikisema "Mpelekee kwaro gazeti" namfundisha mjukuu wangu heshima. Shida ni wajukuu wanapoondoka na jina likabaki. Miaka michache iliyopita, Januari, baada ya likizo ya Disemba kwisha na nyumba kutulia, nilimwita mume wangu "kwaro" tukiwa wawili jikoni. Aliweka kikombe chini akasema taratibu, "Mimi si babu yako." Hakukasirika. Ila nilielewa kwamba nilikuwa nimemzeesha bila kumwomba ruhusa.

"Mzee" nalo ni la kupima. Kijana wa bodaboda akimwita mume wangu mzee, ni adabu. Mimi nikisema "mzee ametoka" kwa mgeni, ni adabu pia. Lakini "mzee, chakula" linamweka mbali, kama mtu ninayemfanyia kazi. Ongeza neno moja, "mzee wangu", na umbali unapungua sana. Jaduong' ni tofauti: kwa Kiluo neno hilo linampandisha mtu, na wazee wa Ugenya hulipokea vizuri hata kutoka kwa mke, hasa siku ambayo mtu amerudi kutoka kwenye kikao cha ukoo akiwa amechoka.

Kuhusu dia, switi, mpenzi na laazizi sitasema mengi. Kama mlianza nayo mkiwa vijana, endeleeni nayo, ni yenu. Laazizi na muhibu ni maneno ya pwani, na huko yako kwao. Kwa mzee wa Njoro au Butere yanasikika kama amekopa mdomo wa mtu. Anayeanza kusema "dia" akiwa na miaka 70 kwa sababu watoto wamemwambia aige, mkewe atamtazama kujua kama anaumwa. Ila nina jambo moja la kuongeza ambalo vijana hawalijui. Kizazi chetu kiliandika mpenzi hata kama hakikulitamka. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipokea barua zilizoanza "Mpenzi", na mwandishi wa barua hizo hajawahi kulisema neno hilo kwa kinywa mpaka leo. Kalamu ilikuwa na ruhusa ambayo ulimi haukuwa nayo. Kwa hiyo neno hilo si geni kwetu, ni la karatasi tu, na linasomwa na mtu mmoja.

Sasa masikio, ambayo ndiyo yaliyotufanya tulifikirie jambo hili upya.

Mume wangu alifanya kazi ya karakana miaka mingi, na alipofika 68 alianza kuongeza sauti ya televisheni. Mtu anapozeeka, usikivu hupungua kwanza kwenye sauti nyembamba. Herufi kama s, f na sh zinapotea, irabu nzito kama a na o zinabaki. Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia unaongea ila sielewi unasema nini." Na sauti ya mwanamke, kwa kuwa ni nyembamba, humpotea zaidi ya sauti ya mwanamume. Mjukuu wetu aliniambia nimwite "switi". Nilijaribu mara moja, kwa kumfurahisha mtoto. Mume wangu akasikia "kiti", akainuka kunitafutia kiti. Jina lililojaa s na i halifai kwa sikio hilo. "Baba Akinyi" lina a tatu na linaanza kwa b, linafika.

Kilichotuumiza zaidi hakikuwa jina. Nilianza kupaza sauti kutoka jikoni, na neno lolote likipazwa linakuwa amri. "Njoo ule" ya upole na "NJOO ULE" ya kupita ukuta si neno moja tena. Yeye alidhani nimekuwa mkali, mimi nilidhani ananipuuza. Ilituchukua miezi. Hatimaye tulienda kliniki ya masikio. Sehemu ya tatizo ilikuwa nta tu, ikatolewa, na iliyobaki ni ya umri. Daktari akanionyesha namna ya kuongea naye: nisogee mpaka anione uso, nisimame penye mwanga, nisipaze sauti bali niishushe iwe nzito kidogo na ya polepole, na nisianze maneno kabla hajajua kwamba ninaongea naye. Hapo jina linapata kazi mpya. Naweka mkono begani, nasema "Baba Akinyi", nangoja ageuke, ndipo nasema lililonileta. Jina limekuwa kengele, na pale pa kungoja ageuke ndipo upole wetu wote umehamia.

Hata hivyo, jina ni mlango tu. Nimesikia watu wakiitana kwa majina matamu halafu kitenzi kinachofuata kinapiga. Kwa hiyo nilimwambia yule msichana asisikilize tu wazazi wake wanaitanaje, asikilize wanaombana vipi.

Weka hizi sentensi pamoja uzisome kwa sauti:

"Leta chai."
"Niletee chai."
"Naomba chai."
"Ukiinuka, naomba unipitishie chai."

Zote nne zinaleta chai. Ya kwanza ni ya hotelini. Ya pili ni ya kawaida na haina ubaya wowote kati ya vijana. Ya tatu ndiyo tuliyofundishwa utotoni. Ya nne ndiyo ya ndoa iliyozeeka, na sababu yake ni magoti. Kwa mtu wa miaka 70 kuinuka ni kazi, anahesabu kabla ya kufanya. "Ukiinuka" inamwambia: sikusimamishi, ila ukiwa tayari umesimama kwa shughuli yako. Vivyo hivyo "ukipita hapo", "ukipata nafasi". Ni sehemu ndogo ya sentensi na inamwachia mtu mwili wake.

Dawa za presha ni mtihani mwingine. "Umekunywa dawa?" ni swali la upendo mara ya kwanza. Mara ya tatu asubuhi hiyohiyo ni upelelezi. Wengine wanasema "Tumekunywa dawa?", kama wanavyoambiwa watoto, na mzee mwenye akili zake timamu anajiona amepunguzwa. Mimi nasema, "Dawa yako ya saa mbili iko kando ya chai." Hapo sijauliza, sijaamuru, na dawa ameiona. Siku hizi mimi nami nina presha, kwa hiyo "tumeze dawa" imekuwa kweli, na kwa kuwa ni kweli haimdharau mtu.

Na anaposahau? Akisimulia habari mbele ya wageni akakosea mwaka au jina, "umesahau tena" inamzima kwa siku nzima. "Na ile sehemu ya daraja, wasimulie" inamrudisha barabarani bila mtu kujua alipotea. Kama kosa halina madhara, simrekebishi kabisa. Habari ni yake.

Kuomba radhi nako tumekuzoeza "pole" mpaka limechakaa. Pole ni la kumwonea mtu huruma, lawezasemwa na asiyehusika. Kama mimi ndiye niliyemuumiza, nasema "Jana nilikosa." Mume wangu husema kwa Kiluo, mara chache, na huwa nalikumbuka kwa mwezi.

Nimefika kwenye neno ambalo watoto wetu wanatudai zaidi, "nakupenda". Ni neno zuri na silikatai. Lakini Kiswahili kina njia nyingine ambayo naiona ikitumika kila siku katika nyumba za wazee na watu hawaitambui kuwa ndiyo hiyo. Ni ile kauli ya kutendea, pale kitenzi kinapoongezwa kidogo mwishoni ili kionyeshe kazi imefanywa kwa ajili ya mtu. Weka, wekea. Ngoja, ngojea. Chemsha, chemshia. Nunua, nunulia. "Nimechemsha maji" ni taarifa. "Nimekuchemshia maji" ni jambo jingine kabisa. Kwetu Uluhyani firigisi ya kuku, imondo, ni ya mwenye nyumba. Mamangu hakumwambia babangu nakupenda mbele yetu hata siku moja, lakini babangu akichelewa kutoka shambani, sahani ilifunikwa, na neno la kwanza akiingia lilikuwa, "Nimekuwekea imondo." Sisi watoto tuliijua ile sauti. Ilikuwa tofauti na sauti yake ya kuongea na mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nikilinganisha "nakupenda" na "nimekuwekea", la kwanza linaeleza moyo wangu, na la pili linaeleza kwamba ulipokuwa haupo nilikufikiria mpaka mkono ukafanya kitu. Mzee aliyezoea la pili, ukimlazimisha aseme la kwanza mbele ya maikrofoni, atalisema kama anasoma tangazo, na mkewe atasikia tangazo. Asiyetenda hata moja kati ya hayo mawili ndiye wa kusikitikiwa. Na kama mmoja wenu anatamani kulisikia "nakupenda" kabla hajafa, jambo hilo pia liombwe waziwazi, maana mwingine hawezi kujua. Nina rafiki aliyeomba, na mumewe alilisema gizani, taa ikiwa imezimwa, akiwa na miaka 73.

Basi nikamrudia yule msichana na keki yake. Nilimwambia amuulize mamake peke yake, na babake peke yake, kila mmoja huitwaje wakati hakuna anayewasikia. Akishajua, jina hilo asiliandike popote, hata kwa nia njema, kwa sababu likisomwa na watu 200 halitakuwa lao tena. Kwenye keki aweke jina ambalo wamelivaa mbele za watu miaka 50, Baba Kamau na Mama Kamau. Kuhusu "mpenzi", kaka yake asiachwe na huzuni: ampe babake karatasi na kalamu wiki moja kabla, amwachie aandike mwenyewe anachotaka, aikunje, na mtu mwingine asiifungue.

Alinipigia simu baada ya siku mbili. Babake alikataa kusema anamwitaje mkewe. Mamake naye alikataa, lakini akatabasamu kwa muda mrefu, na kalamu imekwisha kuombwa.